Venye unaeza toa chunusi kwa picha bila kugeuza mtu kuwa sanamu ya plastiki

"Hii ni picha ya nani?"

Hiyo ndio swali tata aliniuliza akishika fremu kwa mikono mbili, sebuleni kwake hapa Majengo, Embu. Picha ilikuwa ya binamu yangu, mtoto wake wa kwanza, akiwa na joho na kofia ya gradueshen. Mimi ndio nilikuwa nimeiediti. Kwa simu ilikuwa imekaa moto, mpaka nikaiposti stetasi. Lakini ikishaprintiwa kubwa na kuwekwa kwa fremu, sura ilikuwa laini ka chupa ya soda. Hakuna kitundu hata kimoja kwa ngozi. Na ile alama ndogo nyeusi amezaliwa nayo juu ya mdomo, ile kila mtu wa familia humjua nayo, nilikuwa nimeifagia pamoja na chunusi.

Tata hakunikasirikia. Alisema tu, "Umenitolea mtoto kwa picha," kisha akaigeuza ikaangalia ukuta.

Printi na fremu zilikuwa zimekula thao mbili. Nilirudia hiyo kazi yote kutoka mwanzo, na hii stori ni venye niliifanya mara ya pili. Ukiishika vizuri, unaeza toa chunusi ya mtu na bado mamake akamjua.

Chunusi inatoka, ngozi inabaki

Kwanza tuelewane hapa. Ukichukua picha ya sura na uivute karibu sana, utaona ngozi si rangi moja. Kuna vitundu vidogo, vinyweleo, mistari midogo, na kila kimoja kiko na upande wa mwanga na upande wa kivuli. Hiyo mchanganyiko ndio hufanya jicho lako liseme hii ni ngozi ya mtu. Kwa hii stori nitaiita umbile la ngozi.

Filta za kulainisha sura hufanya kazi kwa kuchanganya. Zinachukua kitone cheusi cha kitundu na kitone cheupe chenye kiko kando yake, zinatafuta rangi ya katikati, alafu zinapaka hiyo rangi pote. Chunusi inaisha, ndio, lakini vitundu navyo vimeenda. Na hakuna kitu utafanya baadaye virudi. Hiyo ndio kosa nilifanya na picha ya tata. Nilipiga filta nzima kwa sababu ya chunusi tano.

Brashi ya Healing iko tofauti kabisa. Chukulia uko na ukuta wa nyumba, na kuna mahali pamebomoka. Fundi anatoa plasta ya aina ile ile kutoka kwa ukuta mzima, anaziba hapo, alafu anachanganya rangi ifanane na ile iko pembeni ya shimo. Healing hufanya hivyo hivyo. Inakopa umbile kutoka kwa ngozi safi, lakini rangi na mwanga inachukua kutoka kwa mzunguko wa pale unaziba. Ndio maana kiraka kinapotea.

Clone Stamp, ile ndugu yake mkubwa, haifanyi hiyo hesabu ya pili. Inakopi umbile na rangi yote venye ilivyo. Ukitoa ngozi kwa shavu lenye liko na jua uibandike kwa shavu liko kivulini, utaona duara nyeupe imekaa hapo ka kibandiko. Photoshop ilileta Healing Brush kwa toleo la 7.0 mwaka wa 2002, na Spot Healing Brush ikaja na CS2 mwaka wa 2005. Saa hii hiyo kitu iko kwa simu yako bure, ndani ya Snapseed.

Shika hiyo mambo ya mzunguko, juu ndio itakuokoa mbele. Ukiona Healing imekuharibia, karibu kila wakati shida iko kwa ule mstari wa pembeni wa duara lako, ama kwa ngozi yenye imekopwa.

Kabla uguse kitu, tafuta picha mzima

Mara ya kwanza nilifanya kazi na picha yenye binamu alinitumia kwa WhatsApp ka picha ya kawaida. WhatsApp huifinya ndio isikule bando, na kitu ya kwanza kupotea ni vile vitu vidogo: vitundu na vinyweleo. Kumaanisha nilianza na ngozi nusu. Healing haiwezi kopa umbile lenye halipo.

Mara ya pili nilimwambia aitume ka faili, ile njia ya Document. Ikakuja na ukubwa wake wote, pikseli 4000 kwa 3000. Nilipoivuta karibu niliona mpaka unyoya mdogo wa nyusi. Hapo ndio nilijua kazi inawezekana.

Kuna mtego mwingine kabla ya hapo. Simu nyingi siku hizi zinalainisha sura zenyewe, hata kabla uone picha. Ukifungua kamera uangalie ka kuna kitu imeandikwa Beauty, na ka imewashwa, izime. Ikishalainishwa na kamera hautawahi irudisha.

Alafu mwanga. Picha ya binamu ilipigwa saa nne asubuhi kwa kivuli cha ukuta, akiangalia mahali wazi. Huo mwanga unafika kwa sura yote polepole, na kila uvimbe hauna kivuli kali. Mwanga ukitoka upande mmoja, ka jua la saa kumi jioni, kila chunusi inakuwa mlima na bonde lake. Unaeza tumia dakika arobaini kwa kompyuta ukipigana na kitu yenye kuhama hatua tatu ingemaliza.

Uliza hii swali kabla ya kuanza

Wasee wengi huuliza mwenye picha, "Nitoe nini?" Hapo mtu atakuambia toa kila kitu. Uliza hivi badala yake: "Ni gani zilikuja hii wiki?"

Watu wa kuediti sura wako na kipimo rahisi: kitu yenye haitakuwa kwa sura baada ya wiki mbili inaweza toka. Kitu yenye itakuwa hapo mwaka ujao ni ya mwenye sura, na hauigusi bila yeye kusema. Chunusi, upele wa kunyoa, mkwaruzo wa juzi, unga wa poda umeganda, hizo ni za kupita. Alama ya kuzaliwa, kovu la utotoni, mistari ya kucheka, mwanya, hizo ni mtu.

Niliketi na binamu tukahesabu. Alikuwa na chunusi tatu ndogo kwa paji la uso. Moja kubwa kwa kidevu, yenye kichwa cheupe na imevimba. Moja imejibana kwa kona ya tundu la pua. Alafu kulikuwa na madoa meusi saba hivi kwa shavu la kushoto, makovu ya chunusi za zamani. Za kubaki zilikuwa mbili: ile alama juu ya mdomo, na kovu dogo kwa nyusi lenye alipata akianguka kwa mti wa mwembe akiwa mdogo.

Hayo madoa meusi ndio hukoroga watu, haswa kwa ngozi zetu. Ngozi nyeusi ikipata chunusi, chunusi yenyewe ikiisha inaacha doa, na hilo doa linaweza kaa miezi. Kwa hivyo si la wiki mbili, lakini pia si la milele. Hapo mwenye sura ndio anaamua. Binamu alisema, "Yapunguze, lakini usiyamalize. Watu wananijua nayo mwaka huu wote." Fea.

Kazi yenyewe kwa simu

Fungua picha kwa Snapseed, enda TOOLS, chagua Healing. Kama toleo lako ni jipya mpangilio wa menyu unaweza kuwa tofauti kiasi, lakini jina ni hilo hilo.

Kitu wasee wengi hawajui ni kuwa hapa hakuna mahali pa kuchagua saizi ya brashi. Kidole chako ndio brashi, na saizi yake inabadilika na venye umevuta picha. Picha ikiwa mbali, mguso mmoja unafunika nusu ya shavu. Ukiivuta karibu, mguso huo huo unafunika chunusi moja. Kwa hivyo vuta mpaka chunusi ijaze karibu duara lote la mguso, na ngozi safi kidogo sana ibaki pembeni yake. Kidogo tu. Duara likiwa kubwa sana, unafuta ngozi mzima bila sababu. Likiwa dogo kuliko chunusi, pembeni ya duara itakuwa bado ni chunusi, na Healing itachukua hiyo rangi yake iieneze ndani. Utapata doa la kahawia badala ya kitone.

Alafu gusa, usiburute. Mguso mmoja, inua kidole, ngoja, angalia. Ukiburuta unaunda njia ndefu ya ngozi ya kukopwa, na hiyo njia huonekana ka mahali konokono amepita.

Zile tatu za paji la uso zilienda hivyo, mguso mmoja mmoja. Moja ilikataa: badala ya ngozi safi, Healing ilinikopea unywele kutoka kwa laini ya nywele. Hiyo ni kawaida, juu Snapseed inajichagulia mahali pa kukopa na wewe haukuulizwa. Dawa ni kubonyeza mshale wa kurudi nyuma kwa chini, kuvuta karibu zaidi, na kugusa tena ukisogea kidogo upande wa mbali na nywele. Mara ya tatu ikakubali. Usigonge juu ya makosa. Ukigonga juu ya kiraka kibovu, unakopa kutoka kwa kiraka kibovu, na kila mara umbile linafifia mpaka hapo panakuwa kidimbwi.

Ile kubwa ya kidevu

Chunusi yenye imevimba si kitone. Ni kilima. Iko na mng'ao juu, rangi nyeusi ama nyekundu katikati, na kivuli kidogo upande ule mwanga hautoki. Watu huziba katikati na kuacha kivuli. Ukiangalia picha baadaye unaona uvimbe hauna kichwa, na inakaa ajabu hata ka hauwezi sema ni nini.

Kwa hivyo hapa mzunguko wako uanze nje ya kivuli, mahali ngozi imerudi kuwa tambarare. Niliirudisha picha mbali kiasi ndio mguso ufunike kilima chote na kivuli chake. Mguso wa kwanza ulitoa karibu yote. Kukabaki kivuli chembamba ka mwezi mchanga chini yake. Nikavuta karibu, nikagusa hicho kimwezi mara mbili kwa miguso midogo, kikaisha.

Ka ziko nyingi zimekaa pamoja, usianze na ile kubwa ya katikati. Anza na ndogo za pembeni, zenye ziko karibu na ngozi safi. Ukizimaliza, sasa umetengeneza ngozi safi karibu na zile za ndani, na Healing iko na mahali pazuri pa kukopa. Unaingia ndani polepole, ka mtu anafagia uwanja kuelekea katikati.

Kona ya pua ilinitesa

Hii ndio sehemu simu hukataa. Tundu la pua ni nyeusi, shavu ni kahawia, na chunusi imekaa hapo katikati. Ukigusa, pembeni ya duara inashika weusi wa tundu, na Healing inauleta ndani. Unapata moshi mweusi unapanda kwa shavu. Kitu sawa hutokea kwa mdomo, kwa nyusi, kwa laini ya ndevu na kwa mahali sura inaisha na ukuta wa nyuma unaanza.

Nilijaribu mara nne kwa simu, nikaachana nayo. Nikaenda kwa saiba yenye iko na Photoshop. Ka hauna hiyo, Photopea hufunguka kwa brauza na imefanana nayo sana, bila kulipa.

Kwa kompyuta faida ni kuwa wewe ndio unachagua mahali pa kukopa. Fungua leya mpya tupu juu ya picha, ndio picha ya asili isiguswe. Chagua Healing Brush Tool, sio ile ya Spot. Pale juu kwa Sample weka Current & Below, ndio brashi isome picha ya chini na ipake kwa leya yako tupu. Punguza ama ongeza brashi na vitufe vya [ na ] mpaka ipite chunusi kidogo tu. Shika Alt, bonyeza ngozi safi, achilia, alafu paka kwa chunusi.

Unakopa wapi? Karibu, na mahali pa aina hiyo hiyo. Vitundu vya pua ni vikubwa, vya shavu ni vidogo, paji la uso liko na mistari inalala. Ukikopa kwa paji uweke kwa pua, rangi itafanana lakini umbile litakataa, na jicho litajua hata ka mwenye jicho hajui. Kwa ile ya kona nilikopa kwa mkunjo huo huo, milimita chache chini, nikitumia brashi ndogo kabisa, na nikapaka nikifuata laini ya mkunjo bila kuivuka. Ikatoka safi.

Ka bado inashika weusi, kuna njia moja zaidi. Hapo tu, badilisha kwa Clone Stamp, yenye haijali mzunguko. Kwa kuwa haichanganyi rangi, haiwezi leta moshi. Lakini lazima ukope mahali penye mwanga ni sawa kabisa. Ziba ule upande unaguza tundu la pua na Clone Stamp kwanza, alafu umalizie upande wa shavu na Healing.

Madoa meusi: punguza, usifute

Kwa shavu la kushoto nilifungua leya ya pili, nikayapiga madoa yote saba na Healing. Shavu likakaa safi sana, safi kuliko lile la kulia, na hapo ndio ujanja. Nikashusha Opacity ya hiyo leya mpaka karibu nusu. Madoa yakarudi, lakini hafifu, ka yanaelekea kuisha. Binamu aliangalia akasema, "Hiyo ndio mimi nikiwa nimelala vizuri."

Ka uko kwa simu peke yake, Snapseed iko na njia. Toka kwa Healing, ingia Selective, gusa juu ya doa, punguza duara kwa vidole viwili mpaka likae saizi ya doa, alafu ongeza Brightness kidogo. Kidogo ni kumi, kumi na tano hivi. Hii haigusi umbile kabisa, juu doa halina umbile lake tofauti, ni rangi tu imekolea.

Lakini ushike doa, usishike shavu. Ukianza kung'arisha shavu zima umetoka kwa chunusi umeingia kwa kubadilisha rangi ya mtu, na hiyo hakuna mtu alikutuma. Nimeona picha za harusi bibi harusi ameng'arishwa sura mpaka shingo inakaa ya mtu mwingine.

Venye utajua umeharibu

Ukiwa umevuta picha karibu sana kwa dakika ishirini, jicho linachoka na linaanza kuona kila kitundu ni chunusi. Hapo ndio watu hupotelea. Weka simu chini, enda utafute chai, urudi.

Ukirudi, irudishe picha ionekane nzima na utafute vitu viwili. Ya kwanza ni kidimbwi: mahali ngozi inang'aa laini katikati ya ngozi iko na vitundu. Hapo ulipiga Healing mara nyingi sana. Rudi nyuma uanze hapo upya, usijaribu kuzima kidimbwi na kidimbwi. Ya pili ni pacha: vitundu viwili ama vinyweleo vitatu vimejipanga vile vile mahali mbili. Hiyo hutokea ukikopa mahali pamoja kila wakati. Jicho la mtu ni kali sana kwa kitu imejirudia. Chukua ngozi ya mahali pengine, upige mguso mmoja mdogo kwa moja ya hizo pacha, mpangilio uvunjike.

Kwa kompyuta, geuza picha kushoto iende kulia, ile Flip Canvas Horizontal. Sura yenye umezoea inakuwa ngeni, na viraka vyenye vilijificha vinajitokeza vyenyewe. Kwa Snapseed, bonyeza ile ikoni ya juu ushikilie, inakuonyesha picha ya kwanza. Achilia, shikilia, achilia. Ka kitu yenye unaona ikibadilika ni chunusi peke yake, uko sawa. Ka ni sura yote imeruka, umepitisha.

Hii yote uifanye kabla ya kuongeza kontrasti ama Structure. Ukianza na hizo, zinakoleza kila chunusi na kazi inakuwa mara mbili. Na ukimaliza Healing ndio uziweke, usishangae viraka vyenye havikuonekana vikatokea. Rudi uvirekebishe.

Mahali brashi inakwama

Ka shavu lote limejaa chunusi na hakuna hata sentimita moja ya ngozi safi, Healing haina mahali pa kukopa. Utakuwa unaziba chunusi na chunusi. Hapo toa zile kubwa mbili tatu zenye macho huenda kwanza, shusha mng'ao, uwache zingine. Ama mpigiane picha ingine kwa kivuli kizuri baada ya wiki moja.

Na kuna picha zenye hauguswi kabisa. Ka unajaza ile bahati nasibu ya grini kadi ama viza ya Marekani, Wizara yao ya Mambo ya Nje imesema wazi picha isibadilishwe kidijitali. Chunusi yako iende hivyo hivyo. Hiyo picha si ya kukufanya uvutie, ni ya kuthibitisha ni wewe.

Picha ya tata nayo nilimaliza kwa saa moja na nusu hivi, ukihesabu na kungoja kompyuta ya saiba. Nikaprinti ndogo kwanza, saizi ya kadi, nikaiangalia nje kwa mwanga wa mchana kabla nilipe ile kubwa. Vitundu viko. Kovu la nyusi liko. Alama juu ya mdomo iko.

Nilimpelekea jioni. Hakusema picha ni poa, hakusema asante. Aliangalia juu ya mdomo kwanza, akapitisha kidole hapo kwa kioo, alafu akaita jirani aje amshikie stuli atundike.